Makadirio matatu ya kuua mchwa kwenye nyumba moja: nani anauza nini?

*"Nina nyumba ya vyumba vitatu Ipuli, Tabora Mjini. Ina mita 12 kwa 9, tofali za kuchoma, sakafu ya zege, marumaru jikoni na chooni. Mchwa wamemaliza fremu za milango miwili na sasa wamepanda hadi silingi bodi ya sebuleni. Nimeita watu watatu wa fumigesheni. Wa kwanza anataka 280,000: nyumba nzima, mita za mraba 108, 'dawa kali ya nje', mabomba mawili ya lita 16, dhamana miaka 5. Wa pili 650,000: klopirifosi, mfereji kuzunguka nyumba mita 42, dhamana mwaka 1. Wa tatu 1,480,000: imidaklopridi, mfereji mita 42 na kutoboa sakafu ndani mita 58, dhamana miaka 3. Wa kwanza ana bei ndogo na dhamana ndefu kuliko wote. Kwa nini nisimchukue?"*

Kwa sababu anachokuuzia si kile wanachokuuzia wenzake. Yeye amepima sakafu. Wenzake wamepima ukuta. Kwa mende au kunguni angekuwa sawa kabisa, maana hao wanaishi ndani ya vyumba na dawa inapaswa kufika pale wanapotembea. Mchwa hawaishi ndani ya nyumba yako. Hao unaowaona kwenye fremu ni vibarua waliotumwa kutafuta chakula, na kwao ni ardhini, pengine chini ya kifusi cha sakafu yako, pengine kwenye kiwanja cha jirani. Mchwa wa huku kwetu wengi ni wale wanaolima uyoga ndani ya kiota: wanabeba ubao na majani makavu hadi chini, wanaotesha uyoga juu yake, na kiota chote kinakula hapo. Malkia hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Ukiua mia tatu waliomo kwenye fremu, umepunguza vibarua wa asubuhi moja tu.

Sasa tazama wanavyoingia. Ngozi ya mchwa ni laini na hukauka upesi, kwa hiyo hatembei mahali penye mwanga na hewa kavu. Anajenga kichirizi cha udongo na kupita humo. Akitoka ardhini anatafuta mwanya, na nyumba yenye sakafu ya zege ina mianya ya aina mbili: pale zege linapokutana na ukuta, kwa sababu zege husinyaa likikauka na kuacha ufa mwembamba pembeni, na pale mabomba ya maji na ya maji taka yanapotoboa sakafu. Kutoka hapo hupanda ndani ya ukuta wenyewe, kwenye viungo vya tofali ambavyo fundi hakuvijaza vizuri, hadi kwenye fremu, kisha hadi kwenye mbao zinazoshikilia silingi na karatasi ya jipsamu. Ndiyo maana hujaona vichirizi vingi nje ya ukuta wako. Njia iko ndani.

Kwa hiyo dawa ya mchwa hupangwa kwa kufuata mistari ya kuta, ndani ya udongo, na si kwa kupulizia juu ya sakafu. Ukilielewa hilo, makadirio yote matatu yanasomeka.

Tuanze na huyo wa 280,000. Mabomba mawili ya lita 16 ni lita 32. Gawanya kwa mita za mraba 108 unapata lita 0.3 kwa kila mita ya mraba. Dawa ya mchwa inayomwagwa juu ya udongo kabla zege halijamwagwa huhitaji kama lita 5 kwa mita ya mraba, yaani lita 540 kwa nyumba yako. Na hata angekuja na hizo 540, wewe zege umeshamwaga. Zingetua juu ya saruji na marumaru, mahali ambapo mchwa hapiti. Atakachoua ni mende, mbu waliojificha na mchwa wachache walio wazi kwenye fremu. Utaona mizoga, utafurahi kwa wiki mbili tatu, kisha kichirizi kitatokea mlango wa pili.

Wengine wa bei hiyo huja na mashine ya moshi. Moshi au gesi huua kilichopo chumbani saa hiyo na ukipeperuka haubakishi kitu, wala haushuki kwenye udongo chini ya zege. Na akikuletea vidonge vya kuhifadhia mahindi, vile vya alumini fosfidi, akisema ataviweka darini au kwenye nyufa, mfukuze. Watu wa Tabora wanavijua vidonge hivyo, maana mkoa huu ndiko dumuzi alikoonekana kwa mara ya kwanza katika Afrika, na ghalani vina kazi yake. Ndani ya nyumba ya kulala hutoa gesi ya fosfini inayopenya kutoka chumba hadi chumba na kuua watu usingizini.

"Dawa kali ya nje" nayo si jina la dawa. Mwombe jina la kiambato. Mara nyingi kwa bei hiyo ni saipamethrini, dawa nzuri ya kupulizia kuta dhidi ya wadudu watambaao, lakini kwenye udongo nguvu yake huisha ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Dhamana ya miaka 5 juu ya dawa ya miezi michache haisimami juu ya dawa. Inasimama juu ya matumaini kwamba utaipoteza namba yake ya simu au risiti.

Sasa wa pili na wa tatu. Hawa wanaweza kulinganishwa kwa sababu wote wanauza mita ya ukuta. Mzunguko wa nyumba ya mita 12 kwa 9 ni mita 42, hesabu yao iko sawa. Wa pili: 650,000 kwa mita 42 ni kama 15,500 kwa mita. Wa tatu: 1,480,000 kwa mita 42 za nje na 58 za ndani, jumla mita 100, ni 14,800 kwa mita. Yule anayeonekana ghali mara mbili ndiye mwenye bei ndogo kwa kila mita anayoitibu. Tofauti kati yao si bei, ni kwamba mmoja anaingia ndani na mwingine haingii.

Je, kuingia ndani ni lazima? Kwa nyumba ambayo bado haijaguswa, mfereji wa nje peke yake ungesaidia kiasi. Kwa nyumba ambayo mchwa wako kwenye fremu za ndani na silingi ya sebule, hautoshi. Mfereji wa nje unatibu upande wa nje wa msingi. Udongo wa kifusi chini ya sakafu unabaki kama ulivyo, na kama kiota kiko chini yake au njia yao inapita chini ya msingi, hawatakutana na dawa ya nje hata siku moja.

Kutoboa kunafanywa hivi. Fundi hutumia dirili yenye biti ya milimita 12 hivi, anatoboa zege kandokando ya ukuta, tundu moja kila sentimita 30, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, hadi biti ifike kwenye udongo. Kisha anaingiza mrija na kusukuma dawa ya maji iliyochanganywa, kwa kiwango cha lita 5 kwa kila mita ya ukuta, yaani lita moja na nusu kwa kila tundu. Baadaye tundu linazibwa kwa saruji. Penye marumaru hutoboa kwenye mstari wa kiungo ili kigae kisipasuke. Nje, huchimbwa mfereji mwembamba ulioshikana na ukuta, upana sentimita 15, kina sentimita 30, unamwagiwa lita 5 kwa mita, na udongo unaorudishwa humwagiwa dawa nao. Wengi wanakosea hapo: wanamwaga kwenye mfereji kisha wanafukia kwa udongo mkavu usio na dawa, na mchwa wanapita juu juu, sentimita kumi za kwanza, kama vile hakuna kilichofanyika.

Lita ndizo zitakazokuambia kama kazi imefanyika. Mita 100 mara lita 5 ni lita 500 za dawa iliyochanganywa. Kwa bomba la mgongoni la lita 16 hiyo ni mijazo 31. Haiwezekani iishe kabla ya adhana ya adhuhuri. Kazi ya namna hii huchukua siku nzima kwa watu watatu, mara nyingi siku moja na nusu, na inahitaji nusu ya tanki la lita 1,000. Muulize mapema maji ni ya nani, kwa sababu asipokuwa na jibu siku ya kazi atapunguza lita, na wewe hutajua.

Kutoka kwenye lita 500 unaweza kujua pia chupa ngapi lazima aje nazo. Imidaklopridi kwa mchwa huchanganywa kufikia asilimia 0.05, yaani nusu gramu kwa kila lita ya maji. Ikiwa chupa yake imeandikwa gramu 200 kwa lita, ni mililita 2.5 kwa lita ya maji, au mililita 40 kwa bomba la lita 16. Kwa lita 500 inatoka lita moja na robo ya dawa halisi. Akija na chupa moja ya nusu lita na kusema inatosha nyumba nzima, ameizimua kwa maji zaidi ya mara mbili ya kipimo. Lebo nyingine zinaelekeza asilimia 0.075, hapo ni kama lita 1.9. Lebo iliyo kwenye chupa ndiyo inayofuatwa, si hesabu yangu wala uzoefu wake.

Kwa wa pili, klopirifosi yenye gramu 480 kwa lita huchanganywa kufikia kama asilimia 1 kwa mchwa, kwa hiyo mililita 20 na kidogo kwa lita. Mita zake 42 zinataka lita 210 za mchanganyiko, na karibu lita nne na nusu za dawa halisi. Mwulize anakuja na ngapi. Jibu lake litakueleza mengi kuliko dhamana.

Kuhusu dawa zenyewe, usiulize ipi ni kali. Uliza mchwa akikutana nayo anafanya nini. Dawa za jamii ya saipamethrini na bifenthirini mchwa anazihisi na kuzikwepa. Zikiwekwa bila pengo zinazuia, na bifenthirini hudumu kwenye udongo kuliko ndugu yake huyo, lakini palipo na pengo la sentimita chache kundi zima litazunguka mpaka lilipate. Kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa mapengo hayakosekani. Imidaklopridi na fipronili mchwa hazihisi. Anapita ndani yake, hafi papo hapo, anarudi kwa wenzake, na kwa kuwa mchwa hulambana na kulishana mdomo kwa mdomo, sumu inasambaa kabla hajafa. Kwa nyumba yenye watu na mchwa ndani tayari, ningependelea kundi hili la pili. Zikiwa chini ya zege, mbali na jua na mvua, hudumu miaka kadhaa.

Klopirifosi inaua, hilo silipingi, na mchwa hawaikwepi kama wanavyoikwepa saipamethrini. Tatizo langu nayo ni watu. Ina harufu kali inayokaa siku nyingi, na inashambulia mishipa ya fahamu ya binadamu kwa njia ileile inayomshambulia mdudu. Watoto wadogo na mama mjamzito ndio wanaoumia zaidi. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, zikiacha misamaha kwa matumizi machache. Kuiweka leo chini ya chumba cha mtoto wakati mbadala upo, kwangu si uamuzi mzuri, hata kwa bei nafuu.

Hapo utaelewa pia kwa nini wazee hukuambia kwamba zamani nyumba ilipigwa dawa mara moja ikakaa miaka ishirini. Ni kweli. Ilikuwa dieldrini na ndugu zake, zilizokuwa haziozi ardhini, na ndiyo sababu Mkataba huohuo, uliopitishwa 2001, ulizipiga marufuku. Anayekuahidi miaka ishirini leo ama anakudanganya, ama ana kitu ambacho hutaki kiwe karibu na kisima chako.

Tuje kwenye dhamana. Miaka mitatu ya imidaklopridi iliyowekwa kwa kiwango kamili ni ahadi inayoaminika. Mwaka mmoja wa klopirifosi nao ni ahadi ya kweli. Lakini usisome miaka kwanza, soma dhamana inalipa nini. Karibu zote hulipa kurudia dawa tu. Fremu mpya na silingi mpya ni juu yako. Hilo ni la kawaida, ila liandikwe. Liandikwe pia kwamba akirudi anarudia kwa lita zilezile kwenye eneo lililovamiwa, maana "kurudia" kwa wengi ni kupita na bomba moja. Dhamana ianze siku kazi inapokamilika, na isipungue mwaka mzima, kwa sababu mchwa wana misimu yao. Kiangazi, nyasi za porini zikikauka na kuungua, ndipo wanapoigeukia nyumba. Mvua za kwanza za Novemba ndipo kumbikumbi wanaporuka na kuanzisha viota vipya. Dhamana ya miezi sita inaweza isione misimu yote miwili. Na kumbikumbi waliofuata taa ya kibarazani si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Wakitokea kwenye ufa wa sakafu ndani, hapo mpigie simu.

Kuna vitu vitakavyoivunja dhamana yako kwa haki, na si ujanja wa fundi. Ukichimba bustani ukutani umeutoa udongo wenye dawa. Ukiongeza kibaraza kinachoshikana na nyumba umewajengea daraja. Ukirundika kuni, mbao za ujenzi au kifusi kwenye ukuta, vivyo hivyo. Bomba linalovuja chini ya sakafu huosha dawa pole pole. Muulize wa tatu kama dhamana yake ina ukaguzi, walau mara moja kila miezi sita, na kama ana ofisi Tabora au atatoka Mwanza kila ukimwita. Anayetoka mbali atakuomba nauli, na nauli hiyo haimo kwenye 1,480,000.

Wa tatu ndiye ningemchukua, lakini bado ana shimo kwenye hesabu zake. Mstari wa ndani wa kuta za nje peke yake ni karibu mita 40. Zikitolewa kwenye 58 zinabaki mita 18 kwa kuta zote za kugawa vyumba. Nyumba ya vyumba vitatu yenye sebule, jiko na choo huwa na kuta za kugawa zaidi ya hizo, kama mita 30 hivi. Kuna mahali anaparuka, na kwa kawaida panaporukwa ni jikoni na chooni, kwa sababu fundi anaogopa kupasua marumaru. Huko ndiko mabomba yanakopenya sakafu, na udongo una unyevu wakati wote. Mwambie achore nyumba kwenye karatasi, aweke alama kila ukuta atakaotoboa na kila bomba atakalozungushia dawa. Kama anaogopa marumaru, atoboe upande wa pili wa ukuta uleule, kwenye korido au chumbani. Ikimlazimu kuongeza mita 12, kwa bei yake ni 177,600. Afadhali ulipe hizo kuliko kuacha mlango wazi katikati ya boma.

Kama fedha hiyo haipo, usimwombe apunguze dawa kwenye maji wala agawe kazi nusu mwaka huu na nusu mwakani. Mchwa watapita kwenye nusu iliyobaki. Unaloweza kuomba ni hili: mfereji wote wa nje mita 42, na ndani atoboe tu kwenye kuta zilizovamiwa, yaani milango ile miwili na upande wa sebule ulio chini ya silingi iliyoliwa. Tuseme hizo ni mita 18. Jumla mita 60 kwa 14,800 ni 888,000. Dhamana itahusu kuta hizo tu, na utapaswa kukagua vyumba vingine mwenyewe kila mwezi kwa tochi. Ni mpango dhaifu kuliko ule mzima, lakini ni bora kuliko 650,000 ya nje peke yake, na mbali kabisa na ile 280,000.

Utasikia pia ushauri wa kumchimba malkia. Ukiwa na kichuguu kimoja kinachoonekana uani, na ukafika kweli kwenye chumba chake, kundi hilo linaweza kufa. Lakini mchwa wengi wanaokula nyumba hawana kichuguu cha kuonekana, na kiwanja kimoja kinaweza kuwa na makundi kadhaa. Oili chafu nayo huukinga ubao uliopakwa kwa muda. Ukuta na udongo haiukingi, inanuka, na inaharakisha moto.

Kabla hujalipa chochote, hakikisha mdudu ni mchwa. Chokoa fremu iliyoliwa kwa bisibisi. Ukikuta udongo ndani ya ubao na njia zinazofuata nyuzi za mti, ni mchwa. Ukikuta matundu madogo ya duara na unga laini kama wa sembe chini yake, bila udongo wowote, huyo ni bungua, na lita 500 ardhini hazitamgusa. Kwa ulivyoeleza naamini ni mchwa, ila jaribio hili ni la dakika mbili.

Siku ya kazi uwepo. Chupa ifunguliwe mbele yako, na usome lebo: jina la kiambato, gramu kwa lita, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Mamlaka hiyo ndiyo pia inayotoa leseni kwa wanaofanya kazi hii, kwa hiyo mwombe leseni yake na upige picha. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiipokee, hata kama aliyeileta ni mwaminifu. Hesabu mijazo ya bomba, weka alama ukutani kwa chaki. Ukifika 15 na wanakunja vifaa, waulize.

Watoto, kuku na mbuzi wawe kwa jirani mpaka matundu yazibwe na sakafu ikauke, kisha madirisha yaachwe wazi. Kama una kisima karibu na ukuta, mwambie mapema. Upande ule udongo huchimbwa, ukatandazwa juu ya turubai, ukachanganywa na dawa hapo na kuachwa unyonye, kisha ukarudishwa, badala ya kumwaga dawa mferejini ikatafuta njia ya kuelekea majini. Kisima kikiwa ndani ya uzio wa msingi, kazi isifanyike bila mtaalamu wa TPHPA kufika kuona.

Na kwa kuwa tuko mkoa wa asali: imidaklopridi hunyonywa na mizizi ya mimea na kupanda hadi kwenye maua. Mstari uliotiwa dawa usipande mchicha, matembele wala maua. Nyuki watakaokunywa nekta yake huenda wasirudi mzingani, na mboga hizo wewe ndiye utakayezila.

Baada ya kazi, usitegemee mizoga. Vunja sehemu ya kichirizi, kama urefu wa kidole, na utazame kila wiki kama kimezibwa. Kwa imidaklopridi wanaweza kuendelea kuziba kwa wiki kadhaa, kwa sababu sumu ndiyo kwanza inasambaa. Usiwapulizie dawa ya kopo ya mbu katika muda huo. Utawafukuza kutoka kwenye udongo unaowaua. Ikifika miezi mitatu na bado wanajenga, ita dhamana kwa maandishi, ukiambatanisha picha zenye tarehe. Fremu mpya usiweke kabla ya hapo. Ukiweka, chagua kiini cha mninga, ile sehemu nyekundu na si ile nyeupe ya pembeni. Paini isiyotiwa dawa ni chakula chao.

Mambo mawili hayasubiri barua. La kwanza ni paa. Ikiwa mchwa wako kwenye silingi, fundi seremala apande darini na kuchokoa kenchi moja moja kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta. Silingi iliyolegea juu ya sofa inaweza kusubiri mwezi. Kenchi iliyobaki ganda haisubiri mvua. La pili ni mtu aliyeguswa na dawa: akitokwa jasho na mate kupita kiasi, akitapika, mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano au akipumua kwa shida, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, na mkimbilie Hospitali ya Kitete na chupa ya dawa mkononi ili daktari asome kiambato.